Skrini ya tatu inapowatoa watu: jinsi ya kukagua mwanzo wa programu ya mazoezi

Malalamiko huja kwa sentensi moja: "Watu wanapakua, wanafika skrini ya tatu, wanatoka." Baada ya hapo rangi ya kitufe inabadilishwa, picha ya mwanariadha inaondolewa na kuwekwa nyingine, na wiki inayofuata hesabu ni ileile. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeombwa kutoa maoni kuhusu skrini hizo, na anataka maoni yake yaweze kufanyiwa kazi.

Mfano tutakaoufuata ni programu ya mazoezi iliyotengenezewa watu wa Nairobi. Skrini ya 1 inakaribisha. Ya 2 inauliza lengo: kupunguza uzito, kuongeza nguvu au kukimbia. Ya 3 inaomba vipimo vya mwili, yaani uzito, urefu, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Ya 4 ni nambari ya simu, ya 5 ni msimbo uliotumwa kwa ujumbe mfupi, na ya 6 ni ruhusa za simu. Mazoezi yenyewe yanaanza baada ya zote hizo. Ukizipitia programu za aina hii utaukuta mpangilio huu, au ndugu yake wa karibu, mara nyingi sana.

Hatua ya 1: Jua ni wapi hasa wanapotoka

"Baada ya skrini ya tatu" inaweza kuwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza, mtu ameiona skrini ya tatu na hakubonyeza Endelea. La pili, amebonyeza, lakini skrini ya nne haikumfikia: mtandao umekatika, seva imekawia, au programu imejifunga. La kwanza ni suala la kile unachomwomba. La pili ni kazi ya fundi, na hakuna maneno mazuri yatakayoliponya.

Timu nyingi huhesabu tu skrini zilizoonekana, na hesabu hiyo haiwezi kutenganisha haya mawili. Kabla hujatoa maoni yoyote, omba yarekodiwe matukio haya:

```
skrini_3_imeonekana
skrini_3_kisanduku_kimeguswa   (uzito / urefu / tarehe / jinsia)
skrini_3_kosa                  (ujumbe uliotokea)
skrini_3_endelea_imebonyezwa
skrini_4_imeonekana
```

Sasa tuseme watu 1,000 wamefungua programu, 840 wakaiona skrini ya 3, 430 wakabonyeza Endelea bila kosa, na 420 wakaiona ya 4. Kati ya kubonyeza na kuona skrini inayofuata wamepotea 10 tu, kwa hiyo mtandao hauna kesi ya kujibu. Wengine 410 wamepotelea ndani ya skrini ya 3 yenyewe. Kama hesabu ingekuwa 820 wamebonyeza na 420 wameona, ungefunga faili la maoni na kumpigia fundi.

Tazama pia kisanduku cha mwisho kuguswa kabla ya mtu kutoka. Wengi wakiishia kwenye urefu, hilo ni jambo tofauti na wengi kutogusa chochote. Asiyegusa chochote ameiona fomu na kuikataa nzima. Aliyeishia kwenye urefu alikuwa tayari kujaza, kisha kitu kikamshinda.

Hatua ya 2: Keti na watu watano, kila mmoja na simu yake

Takwimu zitakuonyesha mahali. Sababu utaipata kwa kutazama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa majaribio ya aina hii, alishauri mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kwa awamu moja, kisha unarekebisha na kuwaita wengine watano. Ushauri huo unafaa hapa mradi watano hao wasiwe wafanyakazi wenzako. Tafuta anayekimbia Karura au Arboretum wikendi, anayekwenda jimu ya mtaani Umoja au Kayole, na angalau wawili ambao hawajawahi kufanya mazoezi kwa mpangilio. Hao wawili ndio programu inadai kuwahudumia, na kwa kawaida ndio wanaotoka.

Watumie simu zao wenyewe. Simu ya ofisini ina skrini kubwa, nafasi ya kutosha na Wi-Fi ya ofisi. Simu ya mtu aliyetoka kazini ina kioo chenye ufa, maandishi yaliyokuzwa, na bando inayokaribia kuisha. Mrudishie thamani ya bando atakayotumia, na umwambie hivyo mapema ili asifanye haraka kuiokoa.

Maneno ya kufungulia yawe machache: "Dada, chukulia umeipakua mwenyewe jana usiku. Fanya kama kawaida yako. Mimi nitakuwa kimya, na ukikwama si kosa lako." Kisha unyamaze kweli. Akikuuliza, "Hapa niandike nini?", mjibu, "Kama ungekuwa peke yako ungefanya nini?" Jibu lake hapo ni zito kuliko maoni yote atakayokupa baadaye. Usimuulize kama ameipenda. Kwetu mgeni hamwambii mwenyeji kwamba chakula kina chumvi nyingi, na mtu uliyemlipia bando atakwambia programu ni nzuri.

Andika mambo matatu tu: alichofanya kidole, alichosema kwa sauti, na sekunde alizokaa bila kugusa kitu. Ukiona sekunde 10 za ukimya juu ya kisanduku kimoja, weka alama na umuulize mwishoni alikuwa anawaza nini.

Hatua ya 3: Soma skrini ya 3 kisanduku kwa kisanduku

Hapa usikimbie, maana karibu kila kisanduku kina mtego wake.

Anza na uzito. Wengi hawana mizani nyumbani. Uzito wanaoujua ni wa siku walipopimwa kliniki, au waliposimama kwenye mizani ya yule kijana anayewapima wapita njia mjini kwa shilingi chache. Programu inapodai nambari kamili na kufunga njia mpaka ijazwe, inamtaka mtu aseme asichokijua. Mwingine anaujua vizuri na ndiyo maana hataki kuuandika, hasa akiwa kwenye matatu na jirani ameinamia bega lake. Utamwona anatazama kisanduku, anatazama pembeni, anarudi nyuma.

Urefu ndio wenye hitilafu inayofichika zaidi. Nairobi mtu hutaja uzito wake kwa kilo na urefu wake kwa futi na inchi. Programu nyingi zimejengwa na swichi moja tu: ama kilo pamoja na sentimita, ama pauni pamoja na futi. Ukichagua kilo unapewa sentimita, na hapo mtu wa futi tano na inchi sita hajui aandike nini. Ataandika 5.6. Programu ikikataa, inamwonyesha maandishi mekundu yasemayo "Urefu si sahihi", na urefu wake ni sahihi kabisa.

Mbaya zaidi ni programu inayojaribu kusaidia kwa kuichukua 5.6 kama futi za desimali. Futi 5.6 ni sentimita 170.7, wakati futi tano na inchi sita ni sentimita 167.6. Tofauti hiyo ni ndogo na hakuna atakayeiona. Lakini mtu wa futi tano na inchi kumi na moja ataandika 5.11, na hesabu ileile itamgeuza kuwa wa sentimita 155.8 badala ya 180.3. Amefupishwa karibu sentimita 25, na kila hesabu ya mwili wake baada ya hapo ni ya mtu mwingine. Kwenye data utaijua hitilafu hii kwa watu wanaume wengi kupita kiasi walio chini ya sentimita 160. Dawa yake ni visanduku viwili, kimoja cha futi na kingine cha inchi, na kipimo cha urefu kisichofungwa kwenye kipimo cha uzito.

Tarehe ya kuzaliwa huangushwa na kalenda. Kalenda ikifunguka kwenye mwezi huu, aliyezaliwa 1979 anaanza kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Ipo njia ya kugusa mwaka pale juu na kuuchagua, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mwaka huo unagusika. Na kwa kazi nyingi za programu hii, tarehe kamili haina matumizi. Kuchagua rika kunatosha.

Mwisho tazama kitufe. Kwenye simu ndogo, kibodi ikifunguka inakula zaidi ya theluthi ya urefu wa skrini, na Endelea iliyokaa chini kabisa inafunikwa. Mtu amejaza kila kitu, hana pa kubonyeza. Wengine hujua kubonyeza mshale wa kurudi ili kibodi ijifiche, lakini wakibonyeza mara mbili wanarudishwa skrini ya 2, na kama vipimo havikuhifadhiwa vyote vimepotea. Hili unaweza kuliona bila kununua simu nyingine. Washa USB debugging kwenye simu ya Android, iunganishe kwenye kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kisha uipunguze skrini na kuyakuza maandishi:

```
adb shell wm size 720x1280
adb shell wm density 320
adb shell settings put system font_scale 1.3
```

Hapo unapata upana wa 360 na urefu wa 640 kwa dp, kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini, yaani simu ndogo ya bei nafuu, pamoja na maandishi makubwa wanayotumia watu wengi wenye umri. Gusa kisanduku cha mwisho na uone kama Endelea bado inaonekana. Ukimaliza, rudisha hali ya kawaida:

```
adb shell wm size reset
adb shell wm density reset
adb shell settings put system font_scale 1.0
```

Hatua ya 4: Kila kisanduku kijitetee

Swali ni moja, na liulizwe mbele ya mwenye programu: jibu la kisanduku hiki linabadilisha nini kwenye zoezi la kwanza?

Uzito hutumika hasa kukadiria nishati iliyotumika. Kanuni ya kawaida ni hii:

```
kcal = MET × kilo × saa
```

MET ni kipimo cha ukali wa zoezi. Kukimbia polepole ni kama 7. Nusu saa ya zoezi hilo ni kcal 210 kwa mtu wa kilo 60, na 262 hivi kwa wa kilo 75. Sasa angalia: nambari hiyo inaonyeshwa baada ya mtu kumaliza kukimbia. Kwa nini aulizwe kabla hajavaa hata viatu? Mwulize pale mwishoni, akiwa bado anahema na anataka kujua amechoma kiasi gani. Mstari mmoja unatosha: "Tupe uzito wako wa kukadiria ili tukuhesabie. Unaweza kuruka." Pale swali lina faida anayoiona kwa macho yake.

Urefu mara nyingi unaombwa kwa ajili ya kukokotoa uwiano wa uzito na urefu, na uwiano huo haubadilishi zoezi la kwanza. Uhamie kwenye ukurasa wa wasifu. Jinsia iwe ya hiari, au isubiri pia.

Lakini usifagie kila kitu. Kuna swali ambalo halimo kwenye skrini hii na lilipaswa kuwemo: je, una maumivu ya kifua, ugonjwa wa moyo, jeraha, au una mimba? Hilo linabadilisha zoezi la kwanza moja kwa moja, kwa hiyo linastahili kutangulia. Liulizwe mara moja, kwa lugha ya kawaida, na atakayejibu ndiyo apewe zoezi jepesi na ashauriwe kumwona daktari kabla ya kuongeza kasi. Mtu akiwa na umri mkubwa, rika lake pia linaamua ukali wa kuanzia, na hilo nalo libaki.

Skrini ya 3 mpya basi ina mambo matatu ya kugusa bila kibodi hata moja: rika, siku ngapi kwa wiki, na swali la afya. Chini yake uwepo mstari unaosema majibu ya afya yanatumika kwa nini na nani anayaona. Mstari huo si pambo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, hali ya afya ya mtu ni data nyeti, na mwenye data anapaswa kujulishwa sababu ya kukusanywa kwake. Mstari mfupi pale pale kwenye swali unasomwa. Kurasa za masharti nyuma ya kiungo kidogo hazisomwi.

Hatua ya 5: Andika maoni yanayoweza kutekelezwa

"Skrini ya tatu inachosha" si maoni, kwa sababu mtengenezaji hawezi kuamka kesho na kuirekebisha. Andika ulichokiona, kwa nani, kwenye simu gani, kwa sababu gani, kifanyike nini, na tutajuaje kimefaulu. Mfano:

> Skrini ya 3, kisanduku cha urefu. Watu 4 kati ya 5 waliandika futi (5.4, 5.6, 5'7, 6) kwenye kisanduku cha sentimita. Wawili walipata ujumbe mwekundu na mmoja wao akafunga programu. Sababu: kuchagua kilo kunalazimisha sentimita. Pendekezo: ondoa urefu kwenye skrini hii. Ukibaki, uwe visanduku viwili, futi na inchi. Kipimo cha mafanikio: tukio la skrini_3_kosa lenye sababu "urefu" lisitokee kabisa.

Panga maoni kwa uzito wa madhara. Kinachomzuia mtu kabisa kuendelea, kama kitufe kilichofunikwa, kitangulie. Kinachomfanya asite kifuate. Rangi na picha zikae mwisho, na kama orodha imekuwa ndefu, zitoe kabisa. Maoni saba yenye ushahidi yatafanyiwa kazi. Maoni arobaini yatawekwa kwenye folda.

Hatua ya 6: Pima, na ufuate shimo linakohamia

Toa toleo jipya kwa nusu ya watumiaji wapya na la zamani kwa nusu nyingine, kwa wakati mmoja. Usilinganishe mwezi huu na uliopita: Januari watu hupakua programu za mazoezi kwa ari ambayo Machi haiko, na Jumatatu si Ijumaa. Ukiwa na watu 400 kila upande na karibu nusu yao wanapita, tofauti ya chini ya pointi 7 za asilimia inaweza kuwa bahati tu. Subiri wiki mbili kabla ya kushangilia.

Wala usihesabu waliovuka skrini ya 3 peke yake. Hesabu waliomaliza zoezi la kwanza ndani ya siku saba. Ukiiondoa fomu yote watu watavuka, hilo halina ubishi, lakini kama wanaangukia hatua mbili mbele hujawasaidia.

Na mara nyingi wataangukia kwenye nambari ya simu na msimbo. Kwanza hakikisha nambari zinazoanza na 01 zinakubaliwa, maana kuna fomu zilizoandikwa zamani zinazojua 07 tu. Zikubaliwe pia bila sifuri na kwa 254 mbele, na programu isitengeneze +2540712 kwa kuunganisha alichoandika mtu na kiambishi chake yenyewe. Kumbuka laini ya mtu inaweza kuwa kwenye kabambe iliyoko mfukoni, si kwenye simu anayotumia sasa, kwa hiyo msimbo uishi dakika kadhaa, si sekunde 30.

Kisha kuna hitilafu inayofanana kabisa na kukata tamaa. Mtu anatoka kwenye programu kwenda kusoma ujumbe wenye msimbo. Simu ina kumbukumbu ndogo, mfumo unaiua programu iliyo nyuma ili kupata nafasi. Anaporudi na msimbo kichwani, anakaribishwa upya na skrini ya 1. Wengi hawaanzi tena, na kwenye takwimu wanaonekana kama watu waliochoka. Utawatambua kwa alama moja: kifaa kilekile kimeonyesha skrini ya 1 mara mbili ndani ya dakika chache, huku skrini ya 5 ikiwa katikati. Ili kuiona kwa macho, fika skrini ya 5, bonyeza kitufe cha nyumbani, kisha andika amri hii ukiweka jina la kifurushi cha programu yako:

```
adb shell am kill com.mfano.mazoezi
```

Fungua programu tena kutoka kwenye orodha ya programu za karibuni. Ikikurudisha mwanzo, mwambie fundi ahifadhi hatua aliyofikia mtu na nambari aliyoandika kila anapovuka skrini, na aweke usomaji wa msimbo wa moja kwa moja ili mtu asilazimike kutoka kabisa. Jaribu tena kwa amri hiyohiyo mpaka skrini ya 5 ifunguke ikiwa na nambari yake juu na kisanduku cha msimbo kikimsubiri.